Picha za Barua Bila Neno

Jioni moja nilipokea kwenye simu picha za barua zisizo na hata salamu. Aliyezituma ni mama wa Kikongo anayeishi Texas. Kurasa nne za Kiingereza zilimwambia kwamba kampuni ya bima ya afya haitalipia kipimo cha MRI cha mgongo wa mumewe, na nadhani hakujua hata aanzie wapi kuuliza.

Sababu yenyewe haikuwa mwanzoni. Mwanzoni paliandikwa kwamba kipimo si cha lazima kitabibu, maneno yasiyosema kilichokosekana. Niliipata aya ya tatu: mgonjwa anatakiwa awe amefanya tiba ya viungo kwa wiki 6 bila kupata nafuu, na kumbukumbu walizopokea hazionyeshi hilo.

Nikampigia. "Mama, baba aliwahi kufanya tiba ya viungo?"

"Alifanya miezi miwili, lakini kliniki nyingine."

Basi bima haikukana maumivu ya baba. Ilikosa karatasi za kliniki ya pili. Kueleza jinsi anavyoteseka kusingesaidia sana. Kilichohitajika ni orodha ya mahudhurio yake, pamoja na barua ya daktari aliyeagiza kipimo, ikijibu kigezo kile kile kwa tarehe. Nilimwambia pia aombe nakala ya jalada lote la dai. Kampuni inapaswa kumpa bure.

Muda wa rufaa ulikuwa ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo, pamoja na anwani na namba ya faksi. Ni siku 180 tangu kupokea barua. Mimi huhesabu tangu tarehe iliyoandikwa juu yake ili kuwe na nafasi: barua ilikuwa ya 5 Machi, kwa hiyo tuliweka mwisho 1 Septemba. Kupiga simu kulalamika hakutoshi. Rufaa ipelekwe kwa maandishi, na risiti ya posta au faksi itunzwe. Kwa kuwa kipimo kilikuwa hakijafanyika, kampuni ina siku 30 za kujibu. Kingekuwa cha dharura, ingekuwa saa 72. Familia yenye Medicaid isifuate hesabu hii, kwani rufaa kwa kampuni inayosimamia mpango huo huwa na siku 60 tu.

Kampuni ikikataa tena, ipo hatua nyingine ambayo watu wengi huiacha kwa kukata tamaa. Ndani ya miezi 4 tangu uamuzi huo wa mwisho, mgonjwa anaweza kuomba mapitio ya nje, yanayofanywa na wataalamu wasio wa kampuni, na wakimkubalia, kampuni inalazimika kulipa. Lakini njia hiyo ni ya mabishano ya kitabibu, kama hili la wiki 6. Ingekuwa mkataba umesema wazi kwamba huduma fulani haimo, wapitiaji hao wasingeweza kuiingiza.