Karai la Kwanza

Kila msimu wa mitihani ya majaribio ya Kidato cha Sita huletewa rundo la karatasi za hisabati nisahihishe, na humo hamkosi swali la uthibitisho kwa induksheni. Mwanafunzi hujaza ukurasa mzima, mwandiko safi, jibu la mwisho limepigiwa mstari kwa rula, na bado huenda hajathibitisha kitu. Tena hesabu zake zote zaweza kuwa sahihi. Kosa la namna hii ni gumu kuliona kwa sababu mara nyingi limo katika kile ambacho hakikuandikwa.

Ambaye hajawahi kukutana na induksheni awafikirie vibarua wanaomwaga zege la ghorofa. Wamejipanga mstari kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia hadi juu, wanapokezana makarai. Ili zege limfikie kila mmoja, hata mstari uwe mrefu namna gani, yanatakiwa mambo mawili: wa kwanza apewe karai, na kila anayepokea aweze kumfikishia wa mbele yake. Namba za kuhesabia, 1, 2, 3 na kuendelea, ni mstari usio na mwisho, wala hakuna awezaye kuzikagua moja moja. Basi mwanahisabati huonyesha kwamba kauli yake ni kweli kwa namba ya kwanza, ndiyo hatua ya msingi. Kisha huchukua namba yoyote k, akasema: tuchukulie kauli ni kweli hapa, kutokana na hilo, naonyesha kwamba ni kweli kwa k + 1. Hiyo ndiyo hatua ya kupokezana.

Hatua ya msingi huwa mstari mmoja tu, na labda ndiyo maana wengi huiruka. Lakini tazama. Jumla ya namba witiri n za mwanzo ni n²: 1 + 3 ni 4, 1 + 3 + 5 ni 9. Francesco Maurolico, mtu wa Messina kule Sisilia, aliithibitisha katika kitabu kilichochapwa mwaka 1575. Sasa nibadilishe kwa makusudi, nidai kwamba jumla hiyo ni n² + 5. Ni uongo mtupu. Hata hivyo, nikichukulia ni kweli kwa k, nikaongeza namba witiri inayofuata, yaani 2k + 1, napata k² + 5 + 2k + 1, ambayo ni (k + 1)² + 5. Hatua ya kupokezana imepita bila doa! Kila kibarua yuko tayari, mikono imenyooshwa, ila hakuna aliyemjazia wa kwanza karai. Ukiweka n = 1 unaambiwa kwamba 1 ni sawa na 6, na uongo unaanguka hapo hapo. Kwa hiyo nikiona ukurasa hauna mstari wa n = 1, siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba amesahau jambo dogo. Alichokiandika kinaubeba uongo sawasawa na kinavyoubeba ukweli.

Wanaosahau msingi ni rahisi kuwakamata. Wanaonisumbua ni wale walioandika hatua zote mbili. Mwaka mmoja kijana alinifuata na karatasi yake mkononi. “Shikamoo mwalimu. Mbona hili swali nimepewa nusu? Hatua zote nimeziandika.” Swali lilitaka kuthibitisha kwamba 2ⁿ ni kubwa kuliko n² kwa kila n kuanzia 5. Yeye alianza na 1, kwa mazoea. Aliandika kwamba 2 ni kubwa kuliko 1, na hapo hakukosea. Akachukulia 2ᵏ > k². Akazidisha pande zote kwa 2, akapata 2ᵏ⁺¹ > 2k². Kisha ukaja mstari huu: 2k² > (k + 1)², kwa hiyo 2ᵏ⁺¹ > (k + 1)². Akafunga.

Nilimwomba aweke n = 3 kwenye kauli yake. Akapiga hesabu: 2³ ni 8, 3² ni 9. Akanyamaza, akarudia. Uthibitisho wake ulikuwa umethibitisha kwamba 8 ni kubwa kuliko 9.

Mahali pa kuchimba ni pale kwenye 2k² > (k + 1)². Imetoka wapi? Yeye aliiandika kwa sababu ndiyo aliyoihitaji ili afike. Jaribu k = 1: upande wa kushoto ni 2, wa kulia ni 4. Haikubali. Jaribu k = 2: ni 8 dhidi ya 9, haikubali pia. Kwa k = 3 ni 18 dhidi ya 16, na kuanzia hapo inakubali daima. Sababu inaonekana ukitoa upande mmoja kwenye mwingine: 2k² − (k + 1)² ni k² − 2k − 1, ambayo ni sawa na (k − 1)² − 2. Pindi k inapofika 3, (k − 1)² haipungui 4, kwa hiyo tofauti ni chanya.

Turudi kwenye zege. Kibarua wa kwanza alipewa karai kweli, lakini mkono wake haukumfikia wa pili. Wa tatu angeweza kumpa wa nne, kwa kuwa mkono wake ni mrefu wa kutosha, ila yeye mwenyewe hana kitu: 8 haizidi 9. Wa nne naye mikono mitupu, maana 2⁴ na 4² zote ni 16. Wa tano anapata, kwa sababu 32 inazidi 25, na kuanzia kwake kila mkono unafika. Basi msingi ni lazima uwe 5, na si kwa vile mtunga swali amependa. Hapo ndipo hatua mbili zinaposhikana.

Tangu hapo nasahihisha hivi: sianzi juu. Natafuta kwanza mahali ambapo lile neno “tuchukulie” limetumika, naweka kidole hapo. Kuna karatasi ambazo kidole hakipati pa kutua. Mwanafunzi ameandika: “Ni kweli kwa n = k; tukiweka k + 1 mahali pa k, ni kweli kwa k + 1.” Huko ni kuandika upya kile kilichotakiwa kuthibitishwa, na mimi hapo hutoa sifuri ya hatua nzima, ingawa wapo wenzangu wenye huruma zaidi. Nikipata pa kuweka kidole, nauliza mstari unaofuata unahitaji k iwe kubwa kiasi gani, na unarudi nyuma hatua ngapi. Hilo la mwisho husahaulika. Chukua mfuatano 2, 3, 5, 8, ambamo kila namba kuanzia ya tatu ni jumla ya mbili zilizotangulia. Mtu aweza kudai zote ni shufwa: ya kwanza ni shufwa, na shufwa mbili zikijumlishwa huzaa shufwa. Lakini hoja yake inashika namba mbili za nyuma, naye ameikagua moja tu. Ya pili ni 3.

Baada ya maswali hayo ndipo napanda juu kuutazama msingi, nione kama unaanzia pale pale hoja inapoanza kushika.

Yule kijana aliirudia kazi yake palepale kwenye meza yangu. Akafuta 1, akaandika 5. Mstari wa 2k² > (k + 1)² akauacha kama ulivyokuwa.

“Si sasa ni kweli, mwalimu? Kuanzia 5 hauna tatizo.”

“Ni kweli. Msahihishaji atajuaje kwamba na wewe unajua?”

Akafikiri, akachomeka pembeni kwa mwandiko mdogo: kwa k ≥ 5, (k − 1)² − 2 ≥ 14 > 0.