Hesabu wiki, usisubiri maumivu

Matangazo mengi ya afya yanayobandikwa kwenye kuta za zahanati humwambia msomaji kwamba ugonjwa fulani ni hatari, kisha yanamwacha hapo hapo. Bango la vidonda vya mdomoni linaweza kufanya zaidi ya hapo, kwa sababu kipimo cha kwanza cha kidonda kibaya hakihitaji mashine wala fedha. Kinahitaji kalenda tu. Maneno yake yanaweza kuwa haya:

KIDONDA MDOMONI ZAIDI YA WIKI TATU?
Hata kama hakiumi, nenda kikaangaliwe.
Hesabu tangu siku ya kwanza, si tangu ulipoanza dawa.
Doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, uvimbe, au jino linalolegea bila sababu: nenda pia.
Kliniki ya kinywa na meno: (hospitali gani, siku gani, saa ngapi).

Kwa nini wiki tatu? Ngozi laini ya ndani ya mdomo hujijenga upya haraka kuliko ngozi ya mkono au mguu. Ukijing'ata shavu, ukiungua na chai, au ukitokwa na vile vidonda vidogo vyeupe vinavyowaka ukila ndimu, kwa kawaida vyote hufunga ndani ya siku 7 hadi 14. Wiki ya tatu ni muda wa nyongeza. Kidonda kilichovuka hapo bila kupona kina kitu kinachokizuia kufunga, na kitu hicho inabidi kijulikane.

Si lazima kiwe saratani. Wengi wanaokwenda kuangaliwa kwa sababu ya bango kama hili hawatakutwa nayo. Huenda ni jino lenye ncha au meno bandia yanayokwaruza. Huenda pia ni fangasi, kaswende au kifua kikuu kilichojitokeza mdomoni. Lakini hayo nayo yana tiba zake, na hakuna hata moja linaloponywa kwa kusukutua chumvi mwezi mzima.

Mstari wa pili ndio unaookoa watu wengi zaidi. Tumezoea kupima ubaya wa kidonda kwa maumivu, na mdomoni mazoea hayo yanatuponza. Kidonda cha kawaida huuma sana tangu siku ya kwanza. Saratani ya kinywa ikiwa changa mara nyingi haiumi, au huwasha kidogo tu wakati wa kula pilipili. Maumivu makali, pamoja na yale yanayopanda hadi sikioni, huja baadaye, ugonjwa ukishazama. Kwa hiyo anayesubiri kuumwa ndipo aende hospitali anasubiri dalili ambayo kwa kawaida huchelewa.

Mahali pa kidonda nako kunasema jambo. Vidonda vya kawaida huhamahama: leo mdomo wa chini, mwezi ujao ncha ya ulimi. Kinachotia shaka ni kile kinachokaa pale pale, hasa ubavuni mwa ulimi, chini ya ulimi, au sehemu ya shavu na ufizi ambapo mtu huweka kuberi, ugoro au tambuu.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 52 anayeishi Tanga na aliyekula tambuu tangu ujana. Ana kidonda ubavuni mwa ulimi, ukubwa wa punje ya hindi. Wiki ya kwanza alisukutua maji ya chumvi. Wiki ya tatu akapaka asali. Wiki ya tano akanunua vidonge vya antibiotiki duka la dawa. Kila dawa ilimpa nafuu ya siku mbili tatu, na kila alipobadilisha dawa alianza kuhesabu upya. Ukimuuliza, atakwambia kidonda kina wiki moja. Ndiyo maana mstari wa tatu wa bango upo.

Akifika kliniki, daktari wa kinywa na meno atamkalisha kwenye mwanga mkali na kukagua mdomo mzima, si kidonda pekee. Atashika ncha ya ulimi kwa kipande cha shashi na kuuvuta taratibu pembeni, ili aone sehemu ya nyuma ambayo mgonjwa hawezi kuiona kwenye kioo. Atabonyeza kingo za kidonda kwa kidole chenye glavu, kwa kuwa kingo ngumu zilizoinuka zina shaka kuliko zile laini. Kisha atapapasa chini ya taya na shingoni kutafuta tezi zilizovimba. Haya yote ni kazi ya dakika chache.

Tuseme kwa mama huyu kingo bado ni laini, na daktari ameona gego lililovunjika likisugua pale pale penye kidonda. Atalisawazisha jino, kisha atampa tarehe ya kurudi ndani ya wiki mbili. Kama jino ndilo lililokuwa tatizo, siku hiyo kidonda kitakuwa kimefunga. Asirudi kwa kuwa anajisikia nafuu, hapo uchunguzi wote umeharibika. Na kama angekuwa na kingo ngumu tangu siku ya kwanza, daktari asingengoja hata hizo wiki mbili.

Mama anarudi, kidonda kipo. Sasa kinachukuliwa kinyama. Anachomwa sindano ya ganzi, kisha kinakatwa kipande kidogo kwenye ukingo wa kidonda pamoja na sehemu kidogo iliyo nzima, maana katikati ya kidonda mara nyingi kuna nyama iliyokufa isiyoonyesha kitu. Kipande kinatiwa kwenye chupa ya formalini na kupelekwa maabara, naye anashonwa uzi mmoja au miwili na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi hukimbia, kwa imani kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Kuchukua kinyama namna hii hakuisambazi. Bila majibu yake daktari hawezi kujua anatibu nini.

Majibu yakionyesha saratani, na uvimbe haujafika sentimita 2 wala kuenea shingoni, mara nyingi operesheni ya kuondoa sehemu hiyo hutosha, na mgonjwa anaendelea kula na kuzungumza. Akichelewa hadi ugonjwa uingie mfupa wa taya na tezi za shingo, upasuaji huwa mkubwa, na baada yake kuna wiki kadhaa za mionzi katika vituo vichache kama Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza.

Tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, pombe na popoo ndivyo vinavyoongeza hatari zaidi. Tangu 2004, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeiweka popoo, hata bila tumbaku, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Hata hivyo bango halitaji vitu hivi, na ni kwa makusudi. Asiyevuta angejiona hahusiki, na mvutaji angeogopa kwenda kusemwa. Mazungumzo hayo yana nafasi yake mbele ya daktari.

Mstari wa mwisho usiachwe wazi. Uandikwe jina la hospitali, siku ya kliniki na namba ya mlango, kwani mgonjwa akiishia kuzungushwa mapokezi hatarudi. Akifika aseme: "Nina kidonda mdomoni, kina wiki kadhaa na hakijapona." Na kabla ya zahanati, bango libandikwe kwenye maduka ya dawa, mahali anapopitia kwanza mtu mwenye kidonda. Muuzaji anayeombwa dawa ya kupaka aulize kwanza kidonda kilianza lini. Akijibiwa kimepita wiki tatu, asiuze dawa nyingine, amwelekeze kliniki.