Anwani, Nambari na Viambatisho: Ombi la Kazi ya Utumishi wa Umma kutoka Namuwongo, Kampala

Aghalabu mwombaji anayeshindwa kupata kazi serikalini hudhani kwamba sifa zake zimepimwa zikaonekana pungufu. Dhana hiyo si sahihi kila mara. Kabla ya jopo lolote kusoma sifa, ombi hupita masjala, na masjala haipimi elimu ya mtu. Huuliza maswali matatu tu: ombi limeelekezwa kwa nani, ni la nafasi ipi, na limeambatana na nini. Ombi lisilojibu maswali hayo huweza kuishia hapo bila mwombaji kupewa sababu. Makala haya yanaeleza maswali hayo kwa kufuata mfano mmoja wa kubuni: kijana mkazi wa Namuwongo, katika Divisheni ya Makindye, mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, anayeomba nafasi ya Afisa Kumbukumbu Msaidizi katika Mamlaka ya Jiji la Kampala.

Swali la anwani ndilo gumu kuliko linavyoonekana. Waombaji wengi huona anwani kuwa adabu ya uandishi wa barua, jambo la kukumbuka kuandika "Katibu" na sanduku la posta upande wa kushoto. Nchini Uganda anwani ni suala la kikatiba, kwa kuwa inataja chombo chenye mamlaka ya kuajiri. Katiba ya mwaka 1995 iliyagawa mamlaka hayo. Ibara ya 165 inaunda Tume ya Utumishi wa Umma, Ibara ya 167 Tume ya Utumishi wa Elimu, Ibara ya 169 Tume ya Utumishi wa Afya, na Ibara ya 198 inaitaka kila wilaya iwe na tume yake. Hata hivyo, waombaji wengi wa tume hizo wamekutana na fomu ile ile: Fomu Namba 3 ya Tume ya Utumishi wa Umma, toleo la mwaka 2008. Maelekezo yake yanamtaka mwombaji asiye mtumishi aijaze katika nakala tatu na kuiwasilisha moja kwa moja kwa tume inayohusika. Ni tume ipi inayohusika, fomu haisemi. Tangazo la kazi ndilo linalosema, na mtu aliyepewa fomu na jirani bila kuliona tangazo lenyewe amekosa nusu ya maelekezo.

Kwa kijana wa Namuwongo utata huongezeka kwa sababu ya historia ya jiji. Kabla ya Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ya mwaka 2010, jiji liliendeshwa na halmashauri, na ajira zake zilifuata utaratibu wa serikali za mitaa. Chini ya utaratibu mpya, nafasi za kiutawala za Mamlaka zinatangazwa na kujazwa kupitia Tume ya Utumishi wa Umma. Mzee wa mtaa anayemshauri kijana apeleke karatasi zake ofisi ya divisheni anasema kwa nia njema, lakini ushauri wake ni wa zama zilizopita. Kosa la pili hutokana na jiografia. Kampala imezungukwa na Wilaya ya Wakiso, ambayo ina tume yake. Nafasi yenye cheo kile kile, katika ofisi iliyo safari fupi tu kutoka Namuwongo, huombwa kwa Katibu wa Tume ya Utumishi ya Wilaya. Kwa nafasi ya Mamlaka ya Jiji, kijana wetu ataandika: Katibu, Tume ya Utumishi wa Umma, S.L.P. 7103, Kampala.

Anwani humfikisha mwombaji kwenye tume, lakini haimfikishi kwenye nafasi. Tangazo moja la Tume hukusanya nafasi za wizara na taasisi kadhaa, na cheo cha Afisa Kumbukumbu Msaidizi chaweza kutajwa zaidi ya mara moja, kila mara kwa mwajiri mwingine. Kinachozitofautisha ni nambari ya kumbukumbu iliyochapwa pamoja na cheo. Nambari hiyo huandikwa sehemu ya juu ya fomu, kama ilivyochapwa, pamoja na alama zake za mkwaju na sufuri zake. Kosa linalojirudia ni kuandika nambari ya tangazo zima mahali pa nambari ya nafasi. Karani wa masjala akikutana na ombi la namna hiyo, hana jalada la kulitia. Anaweza kukisia, ila hawajibiki kufanya hivyo.

Viambatisho vinaonekana vyepesi: picha ya pasipoti ya hivi karibuni na vivuli vya vyeti na hati za matokeo, kwa nakala zote tatu. Ugumu uko katika kuvipata. Ni jambo linalofahamika Uganda kwamba baadhi ya shule huzuia cheti cha mtahiniwa mpaka salio la karo lilipwe. Kijana wa makazi ya kipato cha chini kando ya reli anaweza kuwa amefaulu, matokeo yake yanajulikana, na bado hana cheti cha kutoa kivuli. Siku chache kati ya kutolewa kwa tangazo na siku ya mwisho hazitoshi kutafuta fedha hizo. Hapa utaratibu wa masjala, usiobagua kwa maandishi, hubagua kwa matokeo. Tatizo jingine ni majina. Cheti cha sekondari kikitanguliza jina la ukoo, stashahada ikitanguliza jina la ubatizo, na kitambulisho cha taifa kikiwa na jina la tatu lisilo kwingineko, msomaji wa jalada ana haki ya kuuliza kama ni mtu mmoja. Hati ya kiapo inayoeleza tofauti hiyo inafaa iambatishwe tangu mwanzo. Mwenye shahada ya nje ya nchi naye huhitaji uthibitisho wa ulinganifu kutoka Baraza la Taifa la Elimu ya Juu.

Kwa aliyekwisha kuwa mtumishi, njia ni nyingine: ombi hupitia kwa afisa wake mwajibikaji, na matangazo humtaka amjulishe afisa huyo siku ya mwisho ili kuepuka ucheleweshaji. Baadhi ya matangazo ya miaka ya karibuni hupokea maombi kwa mtandao, jambo linaloondoa nakala tatu lakini si cheti kilichozuiliwa.

Shughuli yote hii huendeshwa kwa Kiingereza, ingawa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira yatakayowekwa na Bunge kwa sheria. Istilahi zake hazihitaji kubuniwa. Barua za serikali nchini Tanzania zina "Kumb. Na." na "Yah.", na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ya huko hutaja "viambatisho" na kuwataka watumishi wapitishe maombi kwa waajiri wao. Kuitafsiri Fomu Namba 3 kutahitaji uamuzi wa kisheria. Karatasi moja ya maelezo ya Kiswahili, ibandikwe pamoja na tangazo katika ofisi za divisheni, haihitaji uamuzi huo. Ikitayarishwa, itaje kwa ukamilifu jina la tume inayohusika, na nambari ya nafasi iachwe kama ilivyo katika tangazo la Kiingereza, kwa kuwa ndiyo itakayosomwa na karani.