Kutoka Ubaoni hadi Ramani ya Mawazo: Hoja Iliyofutwa

Majuzi kikundi chetu kilibungua bongo juu ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1951. Ubao mweupe ukajaa, simu ikarekodi dakika 40, nami nikapewa kazi ya kuunyoosha msitu ule uwe ramani ya mawazo. Ramani yangu ya kwanza ilipendeza. Ubaya wake ni kwamba ilisema uongo.

Nilikuwa nimenakili sura ya mwisho ya ubao tu. Pale chini palisomeka "ushindi wa sheria", nikapafanya hitimisho. Mwenzetu mmoja akauliza, "Na hoja yangu je, imekwenda wapi?" Kumbe ilifutwa dakika ya 26, eti nafasi imekwisha.

Basi nikaanza upya. Niliisimamisha rekodi kila dasta ilipoinuliwa, nikanakili kilichokuwa karibu kufutwa. Kila hoja niliipa kikaratasi chake, pamoja na dakika iliposemwa. Vikapatikana vikaratasi 31. "Udikteta" na "uimla" niliviunganisha, maana mifano yake ilikuwa ileile. "Majivuno" nusura nimtie chini ya "baraza", lakini nilipomsikiliza msemaji, alikuwa akimtaja kama mshitaki wa Karama. Nikamwacha peke yake.

Mishale ndiyo iliyonitoa jasho. Ubaoni mshale mmoja waweza kuwa sababu, mfano au pingamizi. Jibu limo katika sentensi iliyosemwa wakati mkono unachora. Tena, katika ramani kila tawi lina mzazi mmoja tu. Mshale unaoruka kutoka tawi hili hadi lile si tawi; uandike pembeni, "taz." na namba.

Mwisho nilibadili kitovu. Jina la kitabu halibishaniwi, swali hubishaniwa. Sehemu ya muhtasari ikawa hivi:

Nani anashinda katika kesi ya Karama?
1. Sheria
   1.1 Utetezi wa Karama barazani
      1.1.1 Wajumbe sita (ushahidi)
2. Hisani ya mfalme (ilifutwa, dk. 26)
   2.1 Yeye ndiye mwenye amri ya kufungua (pingamizi, taz. 1)
3. Hatujaafikiana: je, sheria inayongoja ridhaa ya mfalme imeshinda?

Kuipima ramani, soma kutoka kitawi cha chini kwenda juu. "Wajumbe sita ni ushahidi wa utetezi wa Karama": inasomeka. Sentensi ikikwama, kikaratasi hicho kimekaa pasipo pake.

Kuna mahali watu watatu walisema kwa pamoja, sikusikia kitu. Hapo niliweka alama ya kuuliza, nikawarudishia wenyewe waseme. Kubahatisha kungenirudisha kulekule, kwenye ramani nzuri isiyo ya kikundi bali yangu mimi.