Nancy Anapoondoka, Mkia wa Y Unabaki

Kwenye simu ya fundi wa kadi imeingia picha ya mwaliko wa harusi: maua ya rangi ya maji kwenye kona, na katikati majina ya dhahabu, "Nancy na Godfrey", kwa mwandiko wa kuunganisha wenye mikia mirefu. Chini yake imeandikwa "Jumamosi, 14 Desemba 2024". Mteja anataka kadi hiyohiyo, ila isomeke "Rehema na Baraka". Anadhani ni kazi ya dakika tano.

Ugumu uko kwenye mikia. Ile y ya Nancy imeshuka, ikarudi kushoto chini ya jina zima na kuikata tarehe katikati. Y ya Godfrey nayo imeelekea kulia. Mchoraji wa kwanza aliipanga kadi nzima kwa kutegemea herufi hizo mbili. Rehema na Baraka yote yanaishia kwa a, na hayana herufi ndogo hata moja inayoshuka chini ya mstari. Ndivyo yalivyo majina mengi ya Kiswahili, na ndiyo maana kadi zilizobuniwa kwa majina ya Kiingereza hutusumbua: jina jipya likiingia, pale palipokuwa na nakshi panabaki uwazi.

Cha kwanza ni kumwomba mteja faili la awali ambalo maandishi yake bado yanaharirika. Kama halipo, picha ya JPEG haina herufi ndani yake, ina pikseli tu, na jina haliwezi kubadilishwa kwa kubofya na kuandika. Hapo wanaoanza kazi hukata e kutoka Godfrey na a kutoka Nancy ili waunge jina jipya. Haifai kabisa. Katika mwandiko wa kuunganisha, kila herufi ina kiungo kinachokutana na jirani yake kwa kimo maalumu; ukihamisha herufi, viungo vinapishana na jicho linaona kovu.

Njia salama ni kufuta majina yote mawili pamoja na mikia yake, kisha kuyaandika upya. Fonti inaweza kutafutwa kwa huduma ya WhatTheFont, ambayo hupewa picha na kupendekeza fonti zinazofanana. Ni vizuri kutanguliza herufi zenye sura ya pekee kama G na f. Isipopatikana fonti yenyewe, ya jamaa yake itafaa, maadamu majina yote mawili yataandikwa kwa fonti moja.

Kufuta kunadai subira. Pasipo na maua, rangi ya karatasi inatosha kufunika. Mkia unapopita juu ya petali, inatumika stempu ya kunakili, kwa brashi ndogo inayochukua rangi kutoka petali hilohilo. Tarehe iliyokatwa na mkia isisafishwe herufi kwa herufi. Ifutwe yote, iandikwe upya. Kisha fundi aongeze utofauti wa mwanga kwa muda hadi picha ichukize macho. Kivuli cha mkia wa zamani, ambacho hakikuonekana, kitajitokeza.

Sasa jina jipya. Nafasi kati ya herufi ibaki sifuri, kwani ikiongezwa viungo vinakatika. Mikia mipya itoke pale majina haya yanapoweza kuitoa: mguu wa R, na a ya mwisho ya Baraka. Fonti nzuri huwa na maumbo kadhaa ya herufi moja, na Photoshop huyaonyesha kwenye dirisha la Glyphs. Fundi achague a yenye mkia mrefu kwa Baraka tu, na a ya kawaida kwa Rehema. Mikia miwili ikigombania katikati, neno "na" litamezwa. Programu nyingine hukata ncha ya mkia unaotoka nje ya kisanduku cha maandishi, kwa hiyo ncha zikaguliwe.

Rehema ni pana kuliko Nancy kwa sababu ya m. Kishawishi ni kulipunguza hilo peke yake, lakini mistari yake itakuwa myembamba kuliko ya Baraka, na bibi harusi ataonekana kama ameandikwa kwa kalamu nyingine. Yapunguzwe yote mawili kwa kiwango kimoja. Uwazi uliobaki chini unazibwa kwa kupandisha tarehe kidogo.

Picha iliyopitia WhatsApp huwa imefifia, na jina jipya kali litaelea juu yake. Ukungu wa nusu pikseli hivi unalituliza. Mwisho, kabla ya kuituma kadi kama dokumenti ili isibanwe tena, aonyeshwe mtu asiyewajua maharusi na aombwe asome majina kwa sauti. Akisoma "Kehema", R imezidishiwa nakshi, na umbo lake la kawaida lirudishwe.