Somo la Leo: Kuupa Moyo Kazi Wakati wa Kungoja Usingizi

Leo tutasema juu ya mtu aliyechoka, akalala kitandani, taa ikazimwa, na usingizi usije kwa sababu mawazo yanakwenda mbio.

Tuchukue mfano wa mkulima wa alizeti huko Mgori, katika Mkoa wa Singida. Mchana kutwa alikuwa shambani. Usiku anaanza kuhesabu: magunia mangapi, bei gani, deni la nani. Kila hesabu yazaa nyingine. Akijiambia, “Usifikiri deni,” hapo ndipo deni linapokuja zaidi, maana ili kulikataza lazima kwanza alikumbuke. Basi dawa si kuufukuza moyo, bali kuupa kazi nyingine.

Mwaka 2002, wataalamu Allison Harvey na Suzanna Payne wa Chuo Kikuu cha Oksford, Uingereza, walijaribu jambo hili kwa watu 41 wenye shida ya usingizi. Wengine waliambiwa wawaze picha ya mahali pazuri penye utulivu. Wengine wajitahidi tu kusahau mashaka yao kwa njia yo yote. Na wengine hawakupewa maagizo. Wale wa picha walisema walipata usingizi mapema kuliko wale wasioagizwa kitu. Wale wa kujisahaulisha tu hawakupata faida hiyo. Sababu yake ni kwamba picha kamili huujaza moyo, na nafasi ya mashaka hupungua.

Kwa hiyo picha yako iwe na mambo mengi. Msikilizaji wa Singida aweza kuwaza asubuhi kando ya Ziwa Singidani. Atazame yale majabali makubwa, mwanga juu ya maji, ndege wanaotembea pembeni. Kisha asikie upepo, aguse jiwe lenye baridi. Asiharakishe.

Lakini wako watu ambao picha moja huwachosha, wakarudi kwenye deni. Kwa hao iko njia ya pili, ya kuchanganya picha. Aliyeibuni ni Luc Beaudoin wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada. Yeye anadhani kwamba mtu anapokaribia kulala, mawazo yake hukatika vipande visivyofuatana. Nasi tukiiga hali hiyo kwa makusudi, tunauelekeza ubongo huko, na wakati huo huo tunauzuia usipange mambo.

Yeye hutumia herufi za neno. Kwa Kiswahili silabi zafaa zaidi, na hata asiyejua kusoma aweza kuzisikia. Chagua neno lisilokutia wasiwasi, mfano KIBUYU. Anza na KI: kinu. Kione kinu, mbao zake, unga uliobaki ndani. Baada ya pumzi mbili tatu, kiache. Kikapu. Kiache. Kilemba. Kiti. Maneno yakiisha, nenda BU: buli, buibui, bustani. Kisha YU: yungiyungi, na kama huoni lingine, usijitese, chukua neno jipya.

Makosa mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kuunganisha picha. Ukimwona mtu amebeba kikapu, amekaa juu ya kiti, anaongea na jirani, umekwisha anza hadithi, na hadithi huamsha. Kila picha isimame peke yake. La pili ni kuchagua neno lenye mzigo. Mrina asali ambaye nyuki wake wamehama asichague MZINGA. Na yule mkulima wetu picha ikimkumbusha bei, asishindane nayo. Apite tu kwenye picha inayofuata. Utajua njia inafanya kazi ukiona umesahau ulikuwa silabi gani. Usirudi kuitafuta.

Njia hii ina mipaka. Mwaka 2016 Beaudoin na wenzake walitoa habari za jaribio la wanafunzi 154. Kuchanganya picha kuliwasaidia, lakini kuandika mashaka na hatua za kuyatatua, mapema kabla ya kulala, kulisaidia karibu sawasawa. Basi deni la kweli lipewe robo saa jioni, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kwenda kitandani.

Ukiona kama dakika 20 zimepita nawe uko macho, ondoka kitandani, kaa penye mwanga mdogo mpaka usingizi urudi. Wala usitazame saa kila mara. Na shida ikikupata usiku 3 au zaidi kila juma kwa muda wa miezi 3, au kama maumivu ndiyo yanayokuamsha, nenda ukaonane na mganga hospitalini.

Kazi ya nyumbani: kabla ya giza, kila mmoja achague maneno matatu, ayapime kama yana silabi zenye vitu vingi vya kuonekana. Kwaherini.