Kurasa za katikati zinapokatwa maandishi

Chukua kijitabu kinene kilichobanwa kwa pini mgongoni, cha nyimbo za kwaya au cha ripoti ya mwaka ya chama, ukipekue taratibu huku ukiangalia nambari za kurasa kwenye pembe ya nje. Mara nyingi utaona zikiukaribia ukingo kadiri unavyoelekea katikati, kisha zikianza kurudi ndani unapoelekea jalada la nyuma. Hapo fundi wa kukata hana kosa. Angekuwa amekosea yeye, nambari zote zingeukaribia ukingo kwa kiasi kilekile.

Kinachofanyika ni hiki. Karatasi zikikunjwa na kupachikwa moja ndani ya nyingine, ile ya nje hulazimika kuzizunguka zote zilizo ndani yake, na sehemu ya upana wake huishia mgongoni. Karatasi ya katikati haizunguki chochote, kwa hiyo husukumwa mbele na kuchomoza. Kabla ya kukata, ukingo wa kijitabu huwa umechongoka. Kisu kikishuka kuusawazisha, karatasi ya katikati ndiyo inayopoteza zaidi, na maandishi yaliyo karibu na ukingo huenda nayo.

Tuchukue kijitabu cha nyimbo cha kurasa 80, kilichochapwa kwenye A4 zinazokunjwa mara moja. Kila karatasi hubeba kurasa nne, hivyo zinahitajika karatasi 20 pamoja na jalada la kadi. Kwanza jua unene wa karatasi, maana gramu peke yake haziutaji. Pima kwa rula rimu ambayo haijafunguliwa: ya gramu 80 huwa na kimo cha takriban sentimita 5, na kwa kuwa ina karatasi 500, kila moja ina unene wa milimita 0.1. Zidisha kwa 20, upate milimita 2, na kadi ya jalada iongeze kidogo. Hayo ndiyo makadirio ya chini. Mgongo ukibaki wa duara badala ya kubanwa ukalala, kiasi hicho kinaweza kuongezeka kwa nusu yake, yaani milimita 3 na ushei.

Kwa hiyo hesabu haitoshi. Tengeneza kijitabu kitupu. Tumia karatasi zilezile na kadi ileile, kunja, piga pini, bana mgongo, kisha kata kama kitakavyokatwa kile halisi. Baada ya hapo chomoa pini na upime nusu ya jalada na nusu ya karatasi ya katikati, kutoka kwenye mkunjo hadi ukingoni. Tuseme jalada limebaki na milimita 145.5 na karatasi ya katikati 142.7. Tofauti ni milimita 2.8, na hiyo ndiyo ya kufanyia kazi.

Sasa tazama nambari ya ukurasa iliyopangwa milimita 6 kutoka ukingo wa nusu ya A4. Kisu kimeondoa milimita 3 upande wa jalada, kwa hiyo ukurasa wa 1 umebakiwa na karibu milimita 3. Ukurasa wa 40 umebakiwa na 0.2. Kisu kikiteleza kidogo tu, nambari imekwenda.

Dawa ni kuyasogeza maandishi kuelekea mkunjo, hatua kwa hatua. Gawa 2.8 kwa karatasi 20: kila karatasi inasogezwa milimita 0.14 zaidi ya iliyo nje yake. Karatasi ya kumi, yenye kurasa 19, 20, 61 na 62, inasogezwa 1.4. Ya mwisho, yenye kurasa 39 hadi 42, inasogezwa 2.8 kamili. Programu nyingi za kupanga kurasa hufanya kazi hii zenyewe, lakini baadhi hutaka jumla na nyingine hutaka kiasi cha kila karatasi. Chapa nakala moja, uipime, ndipo uamuru mamia.

Gharama ya kusogeza hulipwa na pambizo ya ndani. Ikiwa ilikuwa milimita 15, katikati itabaki 12.2. Kwa maandishi sioni tatizo, kwa kuwa kijitabu cha pini hufunguka na kulala vizuri zaidi pale katikati kuliko kwingineko. Tatizo ni picha inayovuka kurasa za 40 na 41. Hizo ni karatasi moja, na ukizisogeza pande zote mbili, picha itamezwa milimita 5.6 kwenye mkunjo. Kwenye sura ya mtu, hilo linaonekana. Picha hiyo iache mahali pake, usogeze maelezo na nambari tu.

Lakini kijitabu tupu kikionyesha zaidi ya milimita 4, usihangaike kusogeza. Kimekuwa kinene mno kwa pini. Kipeleke kikabandikwe mgongo kwa gundi.